Viganja Vikiwaka, Ngozi Ikibabuka

Matibabu ya saratani huumiza ngozi kwa njia nyingi, lakini mbili huwakuta wagonjwa wengi na mara nyingi huchanganywa. Moja ni viganja na nyayo kuwaka moto, kuvimba na kubabuka kwa sababu ya dawa. Nyingine ni ngozi ya sehemu iliyopigwa mionzi kuungua. Mafuta ya kupaka yanakaribiana na maumivu yanafanana, lakini hatua ya kuchukua mambo yanapoharibika ni tofauti kabisa. Viganja vinavyouma kwa sababu ya vidonge vinamtaka mgonjwa aache kumeza na apige simu hospitali siku hiyohiyo. Kwa ngozi inayobabuka kwa mionzi anapiga simu hiyohiyo, ila asikose hata siku moja ya mionzi kwa uamuzi wake mwenyewe. Anayegeuza kanuni hizi mbili hujiumiza mara mbili.

Ili tuzione vizuri, tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu halisi; nimemjenga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi. Ana miaka 48, anauza chapati na maandazi, na anaishi mkoani, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Dar es Salaam. Titi lake la kushoto limeondolewa kwa upasuaji, kisha akapangiwa mionzi ya kifua mara 15, siku tano kwa wiki. Miaka miwili baadaye ugonjwa ulionekana kwenye ini, na akaanzishiwa vidonge vya kapesitabini.

Tuanze na mionzi, maana kwake ndiyo ilitangulia.

Wakati wa kupigwa mionzi mgonjwa hasikii kitu. Analala kitandani, mashine inalia kidogo, anainuka. Wiki ya kwanza ngozi yake iko vilevile, na wengi hudhani wamepona salama. Sababu ni kwamba mionzi haiunguzi kama maji ya moto. Inadhoofisha tabaka la chini la ngozi, lile linalozalisha seli mpya. Seli hizo huchukua takribani wiki nne kupanda hadi juu, zikazeeke na kupukutika. Kwa hiyo pengo lililofanyika chini leo huonekana juu baada ya majuma. Ngozi huanza kubadilika wiki ya pili au ya tatu, na hali huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho.

Kwa mama wetu hesabu hiyo ina maana kubwa. Mionzi 15 huisha kwa wiki tatu. Siku anayoagwa hospitali na kupanda basi la kurudi kwao, ngozi yake bado haijafika kileleni. Inafunguka kwapani akiwa tayari nyumbani, mbali na wauguzi waliokuwa wakimwona kila siku. Ndiyo maana kabla ya kuondoka anapaswa kuwa na mambo matatu mkononi: namba ya simu ya kitengo, jina la kituo cha afya kilicho karibu naye kitakachoweza kumfunga kidonda, na mafuta ya kutosha kwa mwezi mzima.

Vitabu vingi vya tiba vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na mhudumu anayeutafuta anaweza kumwambia mgonjwa hana tatizo wakati tayari analo. Kinachoonekana ni weusi unaozidi, wenye mpaka wa pembenne unaofuata umbo la eneo lililopigwa mionzi. Ukiweka mgongo wa mkono juu yake unasikia joto kuliko upande wa pili. Ngozi inabana kama imepungua, inawasha, kisha inatoa magamba makavu. Mgonjwa mwenyewe huhisi mabadiliko kabla ya mtu mwingine kuyaona, kwa hiyo neno lake lipewe uzito.

Kuoga kunaruhusiwa, tena kunatakiwa. Imani kwamba sehemu ya mionzi isiguswe na maji bado iko mitaani, nayo huwaacha watu na jasho na uchafu vinavyoongeza muwasho. Maji yawe ya uvuguvugu, sabuni isiwe na manukato makali, na mkono utoshe bila dodoki wala kitambaa cha kusugulia. Alama za wino alizochorewa kuelekeza mashine azipitie polepole, asizisugue zikafutika. Akimaliza ajikaushe kwa kugusagusa na khanga kuukuu iliyolainika, hasa kwapani na kwenye mikunjo, kwa sababu unyevu unaobaki humo ndio huanza kufungua ngozi.

Kisha apake mafuta laini yasiyo na manukato, tabaka jembamba, mara mbili kwa siku tangu mionzi ya kwanza, bila kungoja ngozi ikauke. Asijipake mafuta mazito muda mfupi kabla ya kuingia chumba cha mionzi. Tabaka nene juu ya ngozi husababisha kipimo kikubwa zaidi cha mionzi kubaki juu juu, pale pale tunapotaka kupunguza. Tabaka jembamba lililokwisha kuingia ndani halileti tatizo hilo, lakini kila kitengo kina utaratibu wake na afuate wa kwake.

Dawa moja ya kupaka imethibitishwa vizuri kuliko nyingine nyingi katika kuzuia hali mbaya: krimu ya mometasoni ya asilimia 0.1, ambayo ni steroidi. Huandikwa na daktari, hupakwa kidogo kwenye eneo la mionzi wakati wa tiba na kwa muda mfupi baadaye, na haipakwi mahali palipofunguka. Msomaji asiichanganye na krimu za kujichubua zinazouzwa bila maelezo, ambazo nazo mara nyingi huwa na steroidi kali. Mtu aliyezizoea amwambie daktari wake waziwazi kabla ya mionzi, kwa sababu ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba huungua haraka.

Kuna vitu ambavyo kila jirani atamletea: dawa ya meno, unga wa ngano, asali ya kwenye chupa, maji ya shubiri yaliyokamuliwa uani. Vinaletwa kwa upendo, na kuvikataa ni kazi. Shubiri imejaribiwa katika tafiti kadhaa za mionzi na haikuonyesha kuzuia kuungua, na utomvu mbichi unaweza kuwasha vibaya. Dawa ya meno na unga hushikamana na ngozi, na kuvitoa ni kuibandua. Jirani anayetaka kusaidia anaweza kufua nguo, kuchota maji na kupika. Hiyo ndiyo dawa yake. Sidiria yenye waya iwekwe kando, kwapa lisinyolewe kwa wembe, na nguo iwe ya pamba, iliyolegea.

Sasa kiwango cha kupiga simu. Ngozi kuwa nyeusi, kuwasha na kutoa magamba makavu kunaweza kusubiri kliniki ya siku inayofuata. Ngozi ya juu ikianza kutoka kama utando, chini pakaonekana pembe au waridi penye majimaji, na nguo ikanata, hapo apige simu siku ileile. Kidonda hicho husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita, kisha hufunikwa kwa bandeji isiyonata. Plasta isibandikwe juu ya ngozi ya mionzi. Usaha, harufu mbaya, maumivu yanayozidi ghafla au homa ya nyuzi 38 na zaidi havisubiri asubuhi.

Na kama hayo yanatokea katikati ya mionzi, aende na kidonda chake kwenye mashine. Daktari anaweza kuamua kusimamisha kwa siku chache, lakini uamuzi huo ni wake, na atafidia kwa hesabu. Mgonjwa anayebaki nyumbani ili ngozi ipumzike anaipa pia saratani mapumziko, na seli zake hutumia siku hizo kuongezeka. Katika saratani za shingo ya kizazi na za kichwa na shingo, ambako jambo hili limechunguzwa sana, kila siku ya kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takribani asilimia 1.

Vidonge vina tabia nyingine.

Kapesitabini humezwa nyumbani, asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa kawaida siku 14 mfululizo, kisha mapumziko ya siku 7. Mwilini hugeuka kuwa dawa ya kemo iliyokuwa ikipitishwa kwenye mishipa kwa muda mrefu. Si hii peke yake inayogusa viganja. Dosorubisini ya liposomu hufanya hivyo, na baadhi ya vidonge vya saratani ya ini na figo, kama sorafenibu, huleta sugu nene zenye maumivu mahali mguu unapokanyagia. Hata hivyo kapesitabini ndiyo inayowakuta wengi, na karibu nusu ya wanaoimeza hupata dalili za viganja kwa kiwango fulani.

Kwa nini viganja na nyayo? Ngozi ya hapo hujizalisha haraka, ina tezi nyingi za jasho, na ina kwa wingi kimeng'enya kinachokamilisha kuigeuza dawa. Juu ya hayo, hakuna sehemu ya mwili inayosuguliwa, kubanwa na kupashwa joto kama hizo. Mama wetu husukuma chapati kwa saa tatu kila alfajiri. Kifimbo kinapita katikati ya viganja vilevile, kisha anageuza chapati kwa ncha za vidole juu ya kikaango cha moto. Hakuna anayeweza kubuni kazi mbaya zaidi kwa mtu anayemeza kapesitabini.

Dalili ya kwanza ni hisia. Ganzi, michomo kama ya sindano, viganja kuwa na joto usiku. Kwenye ngozi nyeusi huja mabaka meusi viganjani na kwenye mistari ya vidole, ngozi hukakamaa na mistari hupasuka. Hadi hapo, kama haumii na anafanya kazi zake, ni daraja la kwanza: anaendelea na dawa, anazidisha mafuta, na anataja kliniki ijayo. Daraja la pili ni pale maumivu yanapoingia na uvimbe ukaonekana, akashindwa baadhi ya kazi. Daraja la tatu ni malengelenge, ngozi kufunguka, na kushindwa kutembea au kujihudumia.

Swali moja linatosha kutenganisha la kwanza na la pili: je, kuna jambo ulilofanya wiki iliyopita bila taabu na leo limekuuma? Kufunga kifungo. Kufungua kizibo cha chupa. Kukanyaga sakafu alfajiri bila ndala. Jibu likiwa ndiyo, aache vidonge hapo hapo na apige simu.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukwama. Wanaficha. Wanaogopa kwamba daktari akisikia atawanyima dawa, au kwamba siku za kuruka zitaupa ugonjwa nguvu, kama tulivyosema kwa mionzi. Kwa vidonge hivi woga huo hauna msingi. Utaratibu wa dawa yenyewe umejengwa juu ya kusimama na kupunguza, na wagonjwa waliopunguziwa dozi kwa sababu ya madhara hawakuonekana kupoteza faida ya matibabu. Anayevumilia hadi daraja la tatu ndiye anayepoteza, maana kidonda cha unyayo huchukua wiki nyingi, na muda wote huo hana dawa yoyote.

Tufuate hesabu ya mama wetu. Kwa mwili wake daktari alimwandikia miligramu 2,000 asubuhi na 2,000 jioni, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 kila mara. Katika mzunguko wa pili, siku ya 10, kifimbo kilianza kumuuma. Akaacha, akapiga simu. Vidonge vya siku zilizobaki haviliwi baadaye. Vimepita, na kuvifidia ni hatari. Viganja vilipotulia, akaanza mzunguko wa tatu kwa dozi ileile ya vidonge vinne, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kufika daraja la pili. Kama hali ingerudi, angesimama tena na kuendelea kwa robo tatu ya dozi, vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni. Ikirudi mara ya tatu, dozi hushuka hadi nusu. Na kama mara ya kwanza tu angefika daraja la tatu, angerudi moja kwa moja kwenye robo tatu.

Kupaka mafuta kuanze siku ya kwanza ya vidonge. Krimu ya yurea ya asilimia 10 ndiyo yenye ushahidi mzuri. Ni ile inayouzwa kwa ajili ya magaga ya visigino, lakini asome asilimia kwenye lebo, kwa sababu zipo za 20 hadi 40, ambazo kazi yake ni kuyeyusha sugu. Yurea huvuta maji na kuyashika ndani ya ngozi. Apake mara mbili au tatu kwa siku, na kila baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kipimo ni mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza. Huo unatosha viganja viwili. Ipakwe kwa kubembeleza, bila kukanda, kwa kuwa kusugua ndiko tunakokukimbia. Mahali palipopasuka yurea huchonyota, hivyo pale atumie mafuta ya mgando tu. Usiku apake tabaka nene, avae soksi za pamba, alale. Asiyepata yurea asikae bila kitu: mafuta ya mgando juu ya ngozi yenye unyevu ni bora mara nyingi kuliko losheni yenye manukato.

Mwaka 2024 madaktari wa New Delhi, India, walichapisha matokeo ya jaribio la jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, ile ya kawaida ya maumivu ya misuli. Kati ya wagonjwa 264 wa kapesitabini, waliopaka jeli hiyo mikononi mara mbili kwa siku kwa wiki 12 na kufika daraja la pili au la tatu walikuwa asilimia 3.8, dhidi ya asilimia 15 ya waliopaka jeli isiyo na dawa. Ni jeli rahisi kupatikana, na inafaa kuiulizia kliniki kabla ya mzunguko wa kwanza. Haipakwi kwenye ngozi iliyofunguka, na mwenye vidonda vya tumbo, pumu au matatizo ya figo aseme kwanza. Vidonge vya vitamini B6, ambavyo bado huandikwa mara kwa mara, vimejaribiwa na havikuonyesha kuzuia tatizo hili. Fedha yake ni bora iende kwenye krimu.

Kazi ya chapati haiwezi kuachwa, maana ndiyo inayolipa nauli ya kliniki. Kwa hiyo inagawanywa. Binti asukume, mama apime unga na apokee fedha. Afanye kazi nzito za mikono katika siku za mapumziko ya dawa. Sufuria ashike kwa kitambaa kinene, vyombo aoshe kwa maji ya baridi, na glavu za mpira asizivae peke yake kwa muda mrefu kwa kuwa hufungia joto; chini yake avae za pamba. Ndala zenye uzi kati ya vidole azibadilishe na viatu vipana vyenye soli laini. Viganja vikiwaka, avitumbukize kwenye maji ya baridi dakika 10 hadi 15, avikaushe, apake. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Kwa wanawake wa pwani kuna suala la hina. Viganja vilivyopakwa hina huficha mabadiliko ya rangi, na piko, ile nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele, inaweza kuleta malengelenge hata kwa mtu mzima wa afya. Wakati wa vidonge piko iachwe kabisa. Anayetawadha mara tano kwa siku naye apange: maji yasiwe ya moto, akaushe kwa kugusagusa, na mafuta yafuate kila udhu. Ngozi ikifunguka na maji yakawa yanaidhuru, dini ina tayamamu, na jambo hilo amuulize sheikh wake akiwa na maelezo ya daktari.

Kisha kuna alama za vidole. Kapesitabini inaweza kuzifuta. Mwaka 2009 madaktari wa Singapori waliandika habari za mgonjwa wao wa miaka 62 aliyezuiwa uwanja wa ndege Marekani kwa sababu mashine haikuona alama zozote kwenye vidole vyake. Alikuwa amemeza dawa hii kwa zaidi ya miaka mitatu. Kwetu, ambako laini ya simu husajiliwa kwa kidole, mgonjwa anaweza kupoteza laini ileile ambayo hospitali humpigia na fedha zake zimo. Afanye usajili na masuala ya kitambulisho kabla ya kuanza vidonge, na aombe barua ya daktari inayotaja dawa. Alama kwa kawaida hurudi baada ya dawa kusimama.

Anapopiga simu, mhudumu atahitaji mambo machache tu: jina la dawa na siku ya ngapi ya mzunguko, ni sehemu gani ya ngozi, imefunguka au haijafunguka, kazi gani imemshinda, na joto la mwili. Picha iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana dirishani, mkono mmoja kando ya mwingine, husaidia kuliko maelezo marefu. Kama pamoja na viganja anaharisha sana, mdomo una vidonda au ana homa, hasa katika mzunguko wa kwanza kabisa, aseme hilo kwanza na aende hospitali siku hiyo. Wapo watu wachache ambao miili yao huvunja dawa hii polepole mno, nao huzidiwa katika siku za mwanzo.

Na asisahau kifua. Ngozi iliyopona mionzi miezi au hata miaka iliyopita inaweza kuwaka upya mgonjwa anapoanzishiwa dawa mpya ya saratani, palepale, ndani ya mipaka ileile ya pembenne. Kapesitabini ni miongoni mwa dawa zinazoweza kufanya hivyo. Mama wetu akiona kifua cha kushoto kimepata joto na kuwasha baada ya kuanza vidonge, asidhani ni upele wa joto. Ataje kwenye simu kwamba alipigwa mionzi hapo, na mwaka gani.